Laptopu moja, akaunti nyingi: kutenganisha wasifu ndani ya Chrome

*Swali: Mimi nina duka la vitenge na mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna laptopu moja ya Windows na tunatumia Chrome. Simu yangu ina laini mbili: ya duka iko kwenye WhatsApp Business, ya kwangu iko kwenye WhatsApp ya kawaida. Nikifungua WhatsApp Web mara ya pili ili niingize laini nyingine, inaniandikia "Use Here", na nikibonyeza inarudi laini ile ile. Mume wangu naye akifungua Gmail anakuta barua zangu, basi ananitoa na kuingia yeye. Kila siku ni kutoka na kuingia. Tufanyeje?*

Dada, kinachowasumbua ni kwamba watu wawili wenye akaunti nne mmekuwa mkitumia wasifu mmoja wa kivinjari, na wasifu mmoja umekusudiwa mtu mmoja tu. Dawa yake ni kuunda wasifu wengine ndani ya Chrome hiyo hiyo, bila kusakinisha programu yoyote mpya na bila gharama. Kwa hali yenu ninapendekeza wasifu watatu: mmoja wa mume wako, mmoja wako binafsi, na mmoja wa duka.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba uelewe jambo moja, kwa sababu ukilielewa utaweza kujitatulia karibu kila hitilafu itakayojitokeza baadaye. Unapoandika nenosiri lako na tovuti ikakukubali, seva ya tovuti hiyo hukipa kivinjari chako kipande kidogo cha maandishi kiitwacho kidakuzi, ambacho ni kama stakabadhi ya mapokezi. Kila unapofungua ukurasa mwingine wa tovuti hiyo, kivinjari huionyesha stakabadhi hiyo kimyakimya, na ndiyo maana huulizwi nenosiri tena. Stakabadhi hizo zote, pamoja na hifadhi nyingine ambazo tovuti huziweka ndani ya kompyuta, hukaa katika chombo kimoja, na chombo hicho ni mali ya wasifu. Vichupo vyote na madirisha yote ya wasifu huo huchota humo humo. Kwa hiyo ulipofungua kichupo cha pili cha web.whatsapp.com, WhatsApp ilikuta tayari kuna stakabadhi ya laini ya kwanza, ikaona kwamba ni mtu yule yule amefungua dirisha jingine, na ikakuuliza tu kama ungependa kuendelea hapo badala ya kule. Maneno "Use Here" hayana maana zaidi ya hiyo, na ungefungua vichupo ishirini majibu yangekuwa yale yale.

Gmail ina tabia tofauti kidogo, na tofauti hiyo huwachanganya wengi. Google huruhusu akaunti kadhaa ziwe zimeingia kwa pamoja ndani ya wasifu mmoja, na ukitazama anwani juu ya ukurasa utaona zimepewa namba: yenye `/u/0/` ni ile iliyoingia kwanza, yenye `/u/1/` ni ya pili. Kwa mtu mmoja mwenye anwani mbili za barua pepe, mpango huo hutosha kwa kusoma barua. Kwa watu wawili hautoshi, kwa sababu viungo vingi vya Google hufunguka kwa akaunti namba 0 pasipo kuuliza. Mume wako akitumiwa hati ya mitihani kupitia Drive, akaibofya wakati akaunti yako ndiyo namba 0, ataambiwa "You need access" ingawa aliyemtumia amemruhusu kabisa. Ataomba ruhusa upya, na ombi hilo litakwenda kwa mwenye hati likiwa na jina lako. Nimewaona watumishi wa ofisi moja wakilumbana juma zima kuhusu nani kamnyima nani ruhusa, na chanzo kilikuwa hicho tu.

Sasa tuanze kazi. Jambo la kwanza ni kuamua wasifu uliopo sasa abaki nao nani. Msiufute. Mwachieni yule ambaye manenosiri yake mengi yamehifadhiwa humo, kwa kuwa kuyahamisha ndiko kunakochosha. Tuchukulie ni mume wako. Ukae basi kwenye wasifu huo na uondoe kila kilicho chako: ufungue WhatsApp Web, uingie kwenye menyu yake na uchague "Log out", utoke pia kwenye Gmail yako. Usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba wasifu mpya utakuhamisha wenyewe, kwani wasifu mpya huanza ukiwa mtupu na ule wa zamani hubaki kama ulivyokuwa.

Kisha ubofye ile picha ndogo ya duara iliyo juu upande wa kulia wa dirisha la Chrome, karibu na vile vitone vitatu. Menyu itakayoshuka ina sehemu ya chini inayoorodhesha wasifu mwingine uliopo na kitufe cha kuongeza mpya, ambacho katika matoleo ya karibuni kimeandikwa "Add Chrome profile" na katika ya nyuma kidogo "Add" peke yake. Litafunguka dirisha jipya likikuuliza kama ungependa kuingia kwa akaunti ya Google au kuendelea bila akaunti. Kwa wasifu wa duka, chagua kuendelea bila akaunti, na sababu yake nitaieleza baada ya muda mfupi. Utaulizwa jina na rangi: andika "Duka" na uchague rangi iliyokoza, tuseme kijani. Rudia hatua hizo hizo kwa wasifu wako binafsi, uupe jina lako na rangi isiyofanana hata kidogo na ile ya kwanza. Ninasisitiza rangi kwa kuwa ukishazoea, jicho lako litatambua uko wapi kabla hujasoma neno lolote, na utaepuka kumtumia mteja ujumbe uliokusudiwa kwa dada yako.

Ukiwa kwenye dirisha la kijani, fungua web.whatsapp.com. Safari hii hutaona "Use Here", bali utaona msimbo wa QR, kwa sababu chombo cha wasifu huu bado hakina stakabadhi yoyote. Chukua simu, fungua WhatsApp Business, ingia kwenye menyu ya vitone vitatu, uchague "Linked devices", uunganishe kifaa kipya na uelekeze kamera kwenye msimbo. Kisha nenda kwenye dirisha la wasifu wako binafsi, ufanye vile vile, ila sasa ukitumia WhatsApp ya kawaida. Hapa ndipo watu wengi hukosea: programu hizo mbili ziko kwenye simu moja, lakini kwa WhatsApp ni akaunti mbili zisizojuana, na kila moja ina orodha yake ya vifaa vilivyounganishwa. Ukisoma msimbo wa dirisha la kijani kwa programu isiyo yake, hakuna kitakachoharibika. Utatoka tu na kusoma upya.

Ili msianze kila asubuhi kwa kutafuta menyu, kila wasifu upatiwe njia yake ya mkato kwenye eneokazi. Ukiwa ndani ya wasifu wa duka, andika `chrome://settings/manageProfile` mahali pa anwani, ushuke hadi chini, na uwashe swichi ya "Create desktop shortcut". Itatokea alama ya Chrome yenye picha ya wasifu huo pembeni. Kama ungependa njia ya mkato ya duka ifungue WhatsApp moja kwa moja, bofya alama hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Properties", na ndani ya kisanduku cha "Target" uongeze anwani mwishoni, baada ya nafasi moja, ili isomeke hivi:

```
"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe" --profile-directory="Profile 1" https://web.whatsapp.com
```

Usishangae kuona "Profile 1" mahali ambapo ulitarajia kuona "Duka". Jina ulilochagua ni la kuonyesha tu. Folda iliyo ndani ya kompyuta hubaki na jina ambalo Chrome iliipa ilipoundwa, yaani `Default` kwa wasifu wa kwanza, kisha `Profile 1`, `Profile 2` na kuendelea. Ukitaka kuhakikisha ni folda ipi, fungua wasifu wenyewe, andika `chrome://version`, na usome mstari wa "Profile Path". Kilichoandikwa baada ya alama ya mwisho ya `\` katika mstari huo ndicho jina la folda.

Nirudi kwenye ile sababu niliyoiahidi. Kuna kuingia kwa namna mbili ambako hufanana machoni lakini si kumoja. Kuingia kwenye Gmail ni kuufungua ukurasa wa barua. Kuingia kwenye Chrome yenyewe ni kuufunga wasifu mzima na akaunti ya Google, na ukikubali kusawazisha, manenosiri, alamisho na historia ya wasifu huo vitapelekwa kwenye akaunti hiyo na kushuka katika kila kifaa kingine ambako akaunti hiyo imewasha usawazishaji, simu ikiwemo. Mume wako akiwa kwenye wasifu wa duka kwa dakika tano, akaingia kwa akaunti yake na kubofya kitufe cha bluu kwa haraka, nenosiri la tovuti unakoagizia mzigo linaweza kujitokeza kwenye simu yake, na alamisho zenu zikachanganyika kwa namna ambayo kuzitenganisha ni kazi ya mkono, moja baada ya nyingine. Wasifu wa duka usiofungwa na akaunti yoyote haumpeleki mtu huko. Kama duka lina Gmail yake, ifungue kama ukurasa wa kawaida. Na ukiona Chrome inakuingiza yenyewe kila unapofungua Gmail, nenda `chrome://settings/syncSetup` na uzime "Allow Chrome sign-in" katika wasifu huo. Wasifu wenu binafsi, kwa upande mwingine, mnaweza kuusawazisha kila mmoja na akaunti yake, na kuna faida: laptopu ikiibwa, manenosiri yenu hayapotei nayo.

Baada ya siku mbili tatu mtakutana na kero ambayo ndiyo niliyoulizwa zaidi kuliko zote. Mtabofya kiungo kilicho nje ya Chrome, labda ndani ya hati ya Word, nacho kitafunguka kwenye wasifu usio wake. Windows inajua Chrome tu, haijui wasifu. Chrome nayo hukipeleka kiungo kwenye wasifu uliotumika mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kubofya, gusa kwanza dirisha la wasifu unaoutaka ili liwe ndilo la mwisho kutumika, au nakili kiungo na ukibandike pale unapotaka. Kama kiungo kiko ndani ya Chrome, kibofye kwa kitufe cha kulia: wasifu zaidi ya mmoja ukiwa umefunguliwa, menyu huwa na "Open link as" inayokuruhusu kukituma upande wa pili.

Kero nyingine hutokea kimya kimya zaidi. Wasifu hutenganisha vidakuzi, historia, alamisho, manenosiri, viendelezi na ruhusa za kamera au arifa, lakini hautenganishi mafaili unayoyapakua. Wasifu wote watatu hushusha kwenye folda moja ya Downloads. Ankara za duka zitalala pamoja na mitihani ya kidato cha pili, na atakayesafisha folda hiyo Jumapili hatajua anafuta cha nani. Ingia `chrome://settings/downloads` katika kila wasifu na ubadilishe mahali pa kuhifadhia, wa duka uelekee folda iitwayo Duka, wa mwalimu uelekee yake. Mpangilio huo hukumbukwa kwa kila wasifu peke yake.

Ikiwa siku moja mtakuta mmetolewa nje, tazameni kwanza ni wasifu wangapi umeathirika. Ukiwa wote kwa pamoja, mhusika ni kitu kilicho ndani ya kompyuta, na mara nyingi ni programu ya kusafisha kompyuta ambayo kijana wa fundi aliiweka na ambayo hufuta vidakuzi vya vivinjari kila inapowaka. Ifungueni na muondoe alama kwenye vidakuzi vya Chrome. Ukiwa mmoja tu, angalieni kama mpangilio wa kufuta data za tovuti kila madirisha yote yanapofungwa umewashwa katika wasifu huo. Na ikiwa ni WhatsApp peke yake iliyotoka huku Gmail ya wasifu huo ikiwa ndani, basi tazameni simu: simu kuu isipotumika kwa siku 14, WhatsApp huviondoa vifaa vyote vilivyounganishwa nayo. Hilo huwapata hasa wenye laini ya duka kwenye simu inayobaki kwenye droo wakati wa likizo.

Huenda kuna aliyekushauri utumie hali fiche kwa laini ya pili. Itafanya kazi, kwa kuwa hali fiche ina chombo chake mbali na cha wasifu. Lakini chombo hicho humwagwa pindi unapofunga dirisha lake la mwisho, na madirisha yote ya hali fiche hushiriki chombo kimoja, kwa hiyo kesho utasoma msimbo wa QR upya na laini ya tatu haitapata nafasi. Inafaa kwa mgeni anayetaka kusoma barua yake mara moja, haifai kwa duka.

Wanaotumia Edge watakuta utaratibu unaofanana na huu kwa karibu kila hatua. Wa Firefox wanaweza kuandika `about:profiles` na kuunda wasifu hapo. Firefox ina pia kiendelezi chake kiitwacho Multi-Account Containers, ambacho hugawa vidakuzi kwa vichupo vya rangi tofauti ndani ya dirisha moja. Kwako wewe mwenye laini mbili kingekuwa kizuri mno, ila hakifai kuwatenga wewe na mume wako, maana historia, alamisho na manenosiri hubaki ya pamoja.

Limebaki jambo ambalo ningefanya kosa kubwa nisipolisema waziwazi. Wasifu ni pazia, haukufungiwa kufuli. Yeyote aliyekaa mbele ya laptopu iliyo wazi anaweza kubofya ile duara, akachagua "Duka", na akasoma mazungumzo yako yote na wateja bila kuulizwa nenosiri. Kati ya mke na mume wanaoaminiana, pazia linatosha, kwa kuwa mnachotafuta ni kutogongana. Lakini ukiajiri msaidizi dukani na akawa anatumia laptopu hiyo hiyo, usimwundie wasifu tu, bali mfungulie akaunti yake ya Windows. Katika Windows 11 nenda "Settings", kisha "Accounts", kisha "Other users", na ubofye "Add account". Akaunti yake iwe ya kawaida, si ya msimamizi, na ya kwenu iwe na nenosiri ambalo yeye halijui. Hapo atakuwa na Chrome yake, Downloads yake na folda zake, na za kwenu hataziona. Unapoinuka kumpimia mteja kitenge, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L. Skrini itafungwa papo hapo na kila mlichofungua kitabaki mahali pake. Gharama ya njia hii ni kumbukumbu ya kompyuta: laptopu yenye GB 4 itachoka ikiwa watu wawili wameingia kwa pamoja na kila mmoja ana Chrome imefunguka, kwa hiyo anayemaliza zamu atoke kabisa badala ya kufunga skrini tu.

Na siku msaidizi huyo akiondoka, au laptopu ikiuzwa, kufuta wasifu hakutoshi. Kufuta huondoa stakabadhi zilizokuwa ndani ya laptopu hiyo, lakini kama kuna kompyuta nyingine ambako aliisoma QR ya duka, huko bado yuko ndani. Chukua simu yenye laini ya duka, fungua "Linked devices", na usome orodha kifaa kimoja kimoja pamoja na muda kilipotumika mwisho. Kila usichokitambua, kiguse na uchague "Log out".